Kabla ya kusaini barua ya kupunguzwa kazi, pata sababu na mchanganuo kwa maandishi

Kila masika, wageni wanapopungua na magari ya safari yanapoegeshwa kwa wiki kadhaa, baadhi ya kampuni za utalii na hoteli hapa Arusha hupitia upya idadi ya wafanyakazi wao. Anayeitwa ofisini kuelezwa kwamba nafasi yake itafutwa kwa kawaida huuliza swali moja tu: nitalipwa kiasi gani? Nimefanya kazi ya rasilimali watu katika sekta hii kwa muda mrefu, nimeandika barua hizo na nimezisoma zilizoandikwa na wengine, na maoni yangu ni kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno. Mfanyakazi anayejadili kiasi kabla hajapata kwa maandishi sababu ya ajira yake kukoma, pamoja na mchanganuo wa kila fungu la malipo, anajadili gizani, na mara nyingi hushukuru kwa kupewa pungufu ya kile ambacho sheria tayari ilikuwa imempa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kufanya uamuzi wa kupunguza wafanyakazi kisha akawatangazia tu. Kifungu cha 38, kwa namba za sheria hiyo ilipotungwa, kinamtaka atoe taarifa ya kusudio mara tu anapoanza kufikiria hatua hiyo, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale wasipowakilishwa. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza madhara, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda wa utekelezaji, na kiinua mgongo. Maana yake ni kwamba malipo ni sehemu ya mashauriano yenyewe. Anayeomba kuyajadili anashiriki katika hatua ambayo mwajiri analazimika kuipitia, na hana sababu ya kuomba kana kwamba anaomba fadhila.

Niuchukue mfano wa msaidizi wa mhasibu katika kampuni ya utalii, ambao nimeutengeneza kutokana na barua za namna nyingi nilizopitia. Aliajiriwa Februari 2012 akiwa Mwanza, akahamia Arusha kwa ajili ya kazi hiyo, na ana mkataba usio na kikomo. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,300,000 kwa mwezi, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mwanzoni mwa Mei 2025 anaitwa, anaelezwa kwamba idara inaunganishwa, na anawekewa mezani karatasi yenye kichwa kinachosema ni makubaliano ya kusitisha ajira kwa hiari. Ndani yake anaahidiwa shilingi 6,000,000 kama “malipo kamili na ya mwisho”, ajira ikome tarehe 31 Mei. Anaambiwa kwamba ofa hiyo iko wazi hadi Ijumaa.

Kwa mtu mwenye mshahara huo, milioni sita zinasikika kuwa nyingi. Tuzifungue. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26, na hapa tunapata shilingi 50,000. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, lakini miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Siku saba ni shilingi 350,000, na kwa miaka kumi ni shilingi 3,500,000. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, yaani wiki nne za kazi, na mwajiri asipompa muda huo anapaswa kuulipia: shilingi 1,200,000. Hakwenda likizo ya mzunguko uliokwisha, ambayo nayo ni siku 28, hivyo anadai shilingi 1,200,000 nyingine. Mshahara wa Mei wenyewe ni shilingi 1,300,000. Jumla ni shilingi 7,200,000, na bado sijagusa vipande vya likizo ya mzunguko mpya wala safari ya kurudi Mwanza. Ofa iliyoonekana ya ukarimu iko chini ya kiwango cha sheria kwa shilingi 1,200,000, na hakuna neno ndani ya karatasi lililo la uongo. Fungu moja lisilochanganuliwa huficha pengo la namna hiyo kwa urahisi sana, na ndiyo maana nasisitiza mchanganuo uje kabla ya mazungumzo yoyote kuhusu nyongeza.

Kuna jambo jingine ndani ya karatasi hiyo linalonisumbua kuliko pengo la fedha, nalo ni maneno “kwa hiari”. Kiinua mgongo cha lazima kinatokana na mwajiri kusitisha ajira. Pande mbili zikikubaliana kuachana, malipo yanategemea yaliyoandikwa katika makubaliano, na aliyesaini kwa ridhaa yake hupata shida kubwa baadaye kudai kwamba aliachishwa isivyo halali. Madhara hayaishii kwa mwajiri. Fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake, na baadhi ya mikataba ya bima za mikopo ya mishahara humlinda aliyepunguzwa kazi lakini si aliyejiuzulu. Kwa hiyo sentensi moja inayoeleza sababu inaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ya mshahara wa mwezi mzima, ilhali mwajiri haimgharimu chochote kuiandika kwa usahihi. Kama kweli nafasi inafutwa, barua iseme kwamba ajira inakoma kwa sababu ya mahitaji ya kiuendeshaji ya mwajiri.

Ningemshauri msaidizi huyu asisaini siku hiyo. Akitakiwa kusaini kuthibitisha tu kwamba ameipokea, aandike kwa mkono wake kando ya saini: “Nimepokea tu, sijakubali yaliyomo,” na tarehe. Atazame pia karatasi ya mahudhurio ya kikao isije ikawa imebandikwa mbele ya muhtasari unaosema wote waliohudhuria wameafiki. Kisha, ndani ya siku moja au mbili, atume barua pepe kwa afisa rasilimali watu na nakala kwa meneja wake, kwa anwani anayoweza kuifungua hata baada ya akaunti yake ya kazini kufungwa. Barua yenyewe inaweza kuwa fupi:

“Ninashukuru kwa taarifa niliyopewa kuhusu kusudio la kufuta nafasi yangu. Ili niweze kushiriki mashauriano ipasavyo, naomba nipatiwe kwa maandishi sababu za hatua hii, vigezo vilivyotumika kunichagua, nafasi nyingine zilizofikiriwa, pamoja na mchanganuo wa malipo ukionyesha kila fungu, kiwango kilichotumika na miaka iliyohesabiwa. Kwa hesabu yangu niliyoiambatisha, stahiki zangu za kisheria kabla ya nauli na usafirishaji wa mizigo ni shilingi 7,200,000. Naandika haya bila kuathiri haki zangu nyingine, na niko tayari kukutana nanyi siku yoyote wiki ijayo.”

Barua hiyo haina tusi wala tishio. Nalitaja hili kwa sababu hofu ninayoisikia zaidi hapa mjini ni kwamba Arusha ni ndogo, wakurugenzi wa kampuni za utalii wanajuana, na anayedai kwa maandishi ataharibu jina lake. Naielewa hofu hiyo. Uzoefu wangu ni kwamba kinachokumbukwa vibaya ni malumbano ya simu na ujumbe wa usiku katika WhatsApp, si barua yenye hesabu. Mara nyingi mhasibu wa kampuni huikagua, huona kosa, na marekebisho hufanyika bila mtu kuinua sauti. Na kama mazungumzo yakifanyika kwa simu, mfanyakazi atume ujumbe mfupi siku hiyo hiyo akieleza alichokielewa, ili ahadi isibaki hewani.

Katika barua ya pili, mchanganuo ukishapatikana, ndipo maombi yanayozidi sheria yanapoingia, na ni muhimu yatenganishwe waziwazi na stahiki. Msaidizi wetu ana miaka 13 iliyokamilika lakini sheria inahesabu kumi. Anaweza kuomba mitatu iliyobaki ihesabiwe kwa kiwango kile kile, yaani shilingi 1,050,000. Mwajiri ana haki ya kukataa. Lakini anaweza kutoa jambo lisilomgharimu fedha taslimu leo, kama vile bima ya afya iendelee kwa miezi kadhaa, au ahadi ya kumfikiria kwanza nafasi kama yake ikirejea msimu wa wageni utakapochangamka. Akichanganya maombi haya na stahiki katika jumla moja, mwajiri atapunguza jumla hiyo na kila upande utadhani umelegeza, kumbe kilichokatwa ni haki.

Safari ya kurudi Mwanza inastahili aya yake kwa sababu husahaulika. Aliyeajiriwa mahali pengine anastahili kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kulipwa gharama hizo, na anastahili posho ya kujikimu kwa siku zinazopita kati ya ajira kukoma na kusafirishwa. Ushahidi ni barua ya ajira au mkataba unaoonyesha mahali alipoajiriwa, kwa hiyo aitafute nakala yake kabla hajarudisha vifaa vya ofisi. Kwa kuwa posho hiyo huongezeka kila siku mwajiri anapochelewa, kuitaja mapema humpa mwajiri sababu nzuri ya kufunga suala haraka.

Makubaliano ya mwisho yaseme kama kiasi ni kabla au baada ya kodi, maana malipo ya kukoma kwa ajira huhesabiwa katika mapato ya ajira na hukatwa kodi. Yaseme tarehe ya malipo. Mwajiri akiomba kulipa kwa awamu kwa sababu msimu ni mbaya, ombi hilo linaweza kuwa la kweli, na sioni aibu kulikubali, ila kila awamu iwe na tarehe yake na kiwepo kifungu kwamba awamu moja ikikosekana, salio lote linadaiwa papo hapo. Cheti cha utumishi kitolewe bila kusubiri awamu hizo.

Mashauriano yakikwama kabla ya ajira kukoma, suala linaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Arusha na Moshi, na makubaliano yanayofikiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kutekelezwa kuliko karatasi iliyosainiwa ofisini kwa mwajiri. Ajira ikishakoma, anayepinga uhalali wa kuachishwa ana siku 30 za kujaza fomu ya tume hiyo, na madai mengine yana siku 60. Barua pepe za “tunalifanyia kazi, vuta subira” hazisimamishi siku hizo kuhesabika. Kwa msaidizi aliyeachishwa tarehe 31 Mei, fomu iwe imefika tume kabla Juni haijaisha, hata kama mazungumzo yanakwenda vizuri na awamu ya kwanza imeshaahidiwa. Wakielewana baadaye, anaweza kuiondoa.