Dawa Iliyobaki Nyumbani Ndiyo Saa ya Kuhesabia

Waraka mpya wa meneja wa famasia yetu umebandikwa nyuma ya kaunta, kando ya friji ya insulini, na kila ninaposoma aya yake ya tatu nafsi yangu hukataa. Aya hiyo inasema kwamba ombi lolote la kuongezewa dawa linalosubiri idhini ya daktari liwekwe kwenye faili la kusubiri kwa siku 2 za kazi, lijibiwe na daktari yule yule aliyeandika cheti cha kwanza cha dawa, na mgonjwa aambiwe kwamba ombi lake linashughulikiwa. Basi. Hakuna mahali mfanyakazi anapotakiwa kumuuliza mgonjwa amebakiwa na tembe ngapi nyumbani.

Nimefanya kazi ya kutoa dawa hapa Lamu kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo moja ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Siku 2 za kazi si kitu kwa mtu mwenye akiba ya wiki nzima. Kwa mtu aliyebakiwa na tembe mbili za kifafa, huo ni muda wa kutosha kuanguka.

Nieleze kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mwenyewe asitambulike. Kijana wa Faza kisiwani Pate, mvuvi anayekwenda baharini pamoja na ami yake, anatumia dawa ya kifafa ya kabamazepini ya miligramu 200, tembe moja asubuhi na moja jioni, na kwa dawa hiyo amekaa muda mrefu bila kuanguka. Kila mwezi hupewa tembe 60. Alhamisi moja asubuhi shangazi yake aliyekuja mjini kwa shughuli zake alifika kaunta na pakiti tupu, akasema kijana amekwisha kunywa dawa ya asubuhi na amebakiwa na tembe 4. Cheti kilikuwa kimekwisha muda na daktari aliyekiandika alikuwa safarini.

Tuhesabu pamoja. Tembe moja Alhamisi jioni, mbili Ijumaa, moja Jumamosi asubuhi, na pakiti imekwisha. Ukifuata waraka, siku 2 za kazi baada ya Alhamisi ni Ijumaa na Jumatatu, kwa hiyo jibu linatarajiwa Jumatatu jioni, iwapo daktari atajibu. Mashua za Faza hufuata maji, kwa sababu mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakiwa yametoka, kwa hiyo dawa itafika Jumanne mchana kama bahati ni njema. Kijana atakuwa amekosa dozi ya Jumamosi jioni, mbili za Jumapili, mbili za Jumatatu na moja ya Jumanne asubuhi. Hizo ni dozi 6 mfululizo.

Anayeiona hesabu hiyo kuwa ndogo hajafikiria namna dawa yenyewe inavyokaa mwilini. Kwa mtu aliyezoea kabamazepini, nusu ya dawa iliyomo damuni huondoka kwa muda wa saa 12 hadi 17 hivi, na ikishapita siku 2 kinachobaki ni sehemu ndogo sana. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla, mtu harudi tu katika hali aliyokuwa nayo kabla ya matibabu, bali anaweza kupatwa na mitukutiko mikali kuliko aliyoizoea, ikiwamo ile inayopita dakika 5 bila kukoma au inayofuatana kabla fahamu hazijarudi. Hiyo ni dharura ya kuua. Na huyu ni mtu ambaye mahali pake pa kazi ni ukingo wa mashua.

Siku ile hatukusubiri. Tulimpigia afisa wa kliniki aliyekuwa zamu katika kituo alikoandikishwa kijana, akaangalia kumbukumbu zake, akazungumza naye kwa simu, kisha akaandika cheti cha siku 7, yaani tembe 14, kwa sharti kwamba kijana afike kliniki kabla hazijakwisha. Shangazi alikuwa ameniuliza, “Sasa mwanangu, nirudi lini, na mashua yaondoka alasiri?” Aliondoka na dawa mkononi. Cheti kilikuwepo, sahihi ilikuwepo, na aliyetia sahihi alikuwa na mamlaka ya kuitia. Aya ya tatu ya waraka huu sasa inakataza jambo hilo hilo, kwa kuwa inamtaka “daktari yule yule”, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Najua meneja anachokiogopa, na nakiri kwamba hofu yake ina msingi. Hataki mfanyakazi achukue tembe rafuni akampa mtu kwa kuwa wanafahamiana mtaani, na katika mji ambao kila mtu ni mjomba au shangazi wa mwenzake, jaribu hilo lipo. Dawa za cheti hutolewa kwa cheti. Tena ziko dawa ambazo kusubiri idhini ndiko kunakomlinda mgonjwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hapaswi kuongezewa mwezi baada ya mwezi bila kupimwa namna damu yake inavyoganda, na ombi lake likikwama kwa sababu daktari anataka majibu ya kipimo, hapo daktari ndiye mwenye haki. Hata hivyo, kipimo kitafutwe siku ile ile, kwa sababu warfarini nayo haiachwi hivi hivi.

Lakini kumzuia mfanyakazi asitoe dawa bila idhini ni jambo moja, na kumzuia asiitafute idhini kwa haraka ni jambo jingine, na waraka umeyafunga yote mawili katika fundo moja.

Kosa la msingi ni kwamba faili la kusubiri limepangwa kwa tarehe ya kufika kwa ombi. Lipangwe kwa siku dawa itakapokwisha nyumbani, na ndani ya siku hiyo, kwa hatari ya kukatika kwa dawa yenyewe. Chukua amlodipini ya presha. Nusu yake huondoka mwilini kwa muda wa saa 30 hadi 50, kwa hiyo dozi moja iliyochelewa, ingawa si jambo la kuzoea, haimwangushi mtu siku hiyo hiyo. Atenololi, ambayo nayo wengi huitumia kwa presha, ni tofauti, kwani ikikatwa ghafla kwa mwenye ugonjwa wa moyo yaweza kumletea maumivu ya kifua na hata mshtuko wa moyo. Mwenye kisukari anayetegemea insulini hasubiri hata siku moja. Watu hawa wote leo wako katika faili moja, na anayeshughulikiwa kwanza ni yule aliyewahi mashua ya alfajiri.

Kuna madhara mengine ya kuchelewa ambayo sijayaona yakitajwa popote katika waraka. Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, huanzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa, kwa sababu ikianza na dozi kubwa inaweza kusababisha upele wa hatari wa ngozi. Mgonjwa akiikosa kwa zaidi ya siku 5 hivi, hafai kurudia dozi yake kamili, bali huenda akalazimika kuanza tena kutoka chini. Maana yake ni kwamba ombi lililolala kwenye faili juma zima laweza kurudi na idhini ambayo wakati huo si salama tena kuifuata, na mfanyakazi asiyeuliza “mara ya mwisho umekunywa lini?” atampa mgonjwa dozi kamili akiwa na karatasi halali mkononi. Kwa hiyo swali hilo liulizwe mara mbili, ombi linapopokelewa na dawa inapotolewa.

Kuhusu madaktari kutojibu, ambako waraka unawalaumu wao peke yao, nimeona ujumbe tunaowatumia. “Daktari, mama fulani anaomba dawa zake.” Daktari aliye katikati ya wodi afanye nini na maneno hayo? Hajui ni mama yupi, dawa gani, wala kama jambo lenyewe ni la leo au la mwezi ujao, kwa hiyo analiacha mpaka atakapopata nafasi ya kutafuta faili. Ujumbe unaojibiwa ni ule unaoweza kuamuliwa kwa kuusoma mara moja. Katika kisa cha kijana wa Faza tuliandika hivi: “Mgonjwa wa kifafa, mwanamume, miaka 24, namba ya kliniki imo hapa chini. Kabamazepini ya kawaida miligramu 200, moja mara mbili kwa siku. Alipewa 60 mara ya mwisho, amebakiwa na 4, zinakwisha Jumamosi asubuhi. Hajaanguka tangu alipoonekana kliniki, hana upele wala malalamiko. Hajaongezewa dawa nyingine. Anaishi Faza, mashua inaondoka alasiri. Tunaomba idhini ya siku 7 mpaka aonekane.” Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. Neno “kawaida” lilikuwamo kwa makusudi, kwa sababu ipo pia kabamazepini inayoyeyuka polepole, na kumbadilishia mtu aina moja kwa nyingine bila kujua kunaweza kuvuruga kiwango cha dawa damuni. Jina la mgonjwa nalo halikuandikwa, kwa kuwa simu za zamu hupita mikono mingi.

Waraka una jambo moja zuri ambalo nalipokea kwa moyo wote: kila ombi liandikwe tarehe na saa, na jina la aliyelipokea. Sawa. Iongezwe safu ya tembe zilizobaki na safu ya siku zitakapokwisha, na daftari lile lile litatuonyesha nani apigiwe simu kwanza.

Na lile agizo la kumwambia mgonjwa kwamba ombi “linashughulikiwa” liondolewe kabisa. Mtu aliyevuka bahari ana haki ya kuambiwa ukweli unaomsaidia kuamua: kwamba daktari bado hajajibu, kwamba tutampigia tena saa fulani, kwamba asipopatikana tutamtafuta aliye zamu, kwamba asizidishe dozi kesho kufidia ya leo, wala asiigawe nusu nusu ili ifike mbali. Hilo la mwisho hufanywa sana visiwani, na hufanywa na watu waangalifu wanaojaribu kuhifadhi kidogo walicho nacho, bila kujua kwamba nusu ya dozi ya kifafa yaweza isiwakinge hata kidogo.

Nimemwandikia meneja pendekezo la kubadilisha aya ya tatu, na naliweka hapa kwa wenzangu wa famasia nyingine za Lamu, Mokowe na Malindi watakaotaka kulitumia: “Kila ombi linalosubiri idhini liandikwe siku dawa itakapokwisha. Dawa ikibakia ya siku 3 au pungufu, daktari apigiwe simu siku hiyo hiyo. Ikiwa ni dawa ya kifafa, insulini, au dawa ya moyo isiyokatwa ghafla, na daktari hajapatikana katika saa 2, atafutwe daktari au afisa wa kliniki aliye zamu katika kituo cha mgonjwa, aombwe cheti cha siku chache. Asipopatikana yeyote, mgonjwa apelekwe chumba cha dharura na barua yetu mkononi, wala asirudishwe nyumbani kusubiri.”