Eti anza na hesabu!

Jana kijana mmoja anayejiandaa na mtihani wa usimamizi wa miradi kaniambia ushauri aliopewa: "Anza na hesabu, hizo alama ni za bure." Za bure! Ushauri huohuo ndio ulionitoa mimi kwenye chumba cha mtihani nikiwa nimeacha swali zima la insha jeupe.

Muda wa saa 3, maswali 5, alama 20 kila moja. Ukitoa dakika 15 za kusoma na 15 za kupitia kazi yako mwishoni, kila swali lina dakika 30. Swali la mtandao wa kazi, ule mchoro wa mishale unaoonyesha kazi ipi inafuata ipi, peke yake lilinila 70.

Na mtandao wenyewe ulikuwa mdogo tu. Kazi A siku 4. Ikiisha zinaanza B ya siku 6 na C ya siku 3. Zote mbili zikikamilika ndipo ianze D, siku 5, kisha E, siku 2. Nikahesabu kwenda mbele, nikapata mradi wa siku 14. Nikarudi nyuma hadi A, muda wake wa ziada, yaani siku inazoweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi, ukatoka -3. Nikachora upya, kwa rula kabisa, nikapata -3 ileile.

Kosa lilikuwa kwenye D. Niliianzisha siku ya 7, C inapoisha, wakati B inaisha siku ya 10. Mishale miwili ikiingia mahali pamoja, kwenda mbele unabeba namba kubwa. Ikitoka miwili, kurudi nyuma unabeba ndogo. Mradi ni siku 17, na A haina siku hata moja ya ziada. Kwa hiyo ukiona namba hasi mwanzoni, usichore upya. Nenda moja kwa moja kwenye makutano ya mishale, yape dakika 2 tu. Usipoliona kosa, andika kwamba namba zinagongana, acha nusu ukurasa, songa mbele. Msahihishaji anayetoa alama za njia atakupa zako. Kosa langu labda lilikuwa na thamani ya alama 4; nilizipigania kwa kutupa 20.

Haya, nakubali: hesabu ikikaa sawa unazoa zote, na insha hakuna anayekupa 20. Lakini alama za mwanzo za insha ndizo nyepesi kuliko zote, na karatasi tupu haina hata hizo. Dakika 5 za kupanga zinatosha: pigia mstari kitenzi cha swali, maana "tathmini" si "taja", kisha kila hoja iandikie pembeni jambo moja kutoka kwenye mradi waliokupa.

Huyo kijana nimemwambia aandike saa za kumaliza juu ya karatasi kabla ya kugusa swali lolote. Mtihani ukianza saa 3:00 asubuhi: 3:45, 4:15, 4:45, 5:15, 5:45. Akaniuliza, "Na ikifika 3:45 nimebakiza mstari mmoja?"

Uache hivyohivyo, mdogo wangu.