Kwa nini niliachana na mteja aliyenilipa kila mwezi

Wabunifu wa michoro wengi tunaojitegemea tukipata mteja wa kila mwezi hapa Dar tunamng'ang'ania hata kazi zinapozidi. Ushauri tunaopeana ni uleule: zungumza naye, pandisha bei. Mimi nasema zungumza naye mara moja tu, kwa maandishi. Kazi zikiendelea kuongezeka baada ya hapo, toa notisi.

Mteja wangu ana migahawa. Tulikubaliana Sh 600,000 kwa mwezi kwa posti 12 za Instagramu na kazi mbili za kuprinti, kila moja na marekebisho mara mbili. Hiyo ilikuwa kazi ya saa 30 hivi, yaani Sh 20,000 kwa saa. Hakuna siku aliyoniletea mzigo mkubwa kwa mpigo. Alikuwa akiandika, "Mdogo wangu, hiyo posti igeuze bango tu, ni kitu kidogo."

Posti kugeuka bango si kitu kidogo. Picha ya Instagramu yenye upana wa pikseli 1080, ikivutwa ifike mita 3, inabaki na nukta 9 tu kwa kila inchi. Inabidi utafute picha ya asili, upange maandishi upya ili mtu aliye kwenye daladala ayasome, ugeuze rangi ziwe za wino, uache ukingo wa kukatia, kisha ubishane na mchapaji wa Kariakoo anayetaka faili kwa namna yake. Marekebisho ni kubadilisha bei ya pilau ndani ya posti ileile. Bango ni kazi nyingine, na hapo ndipo mpaka wa mkataba ulipo. Baadaye ikaja menyu ya tawi jipya, yakaja maneno ya kuandika chini ya kila picha, zikaja video fupi. Nilikuwa naandika saa zangu kila jioni. Zilipofika 60, malipo yangu yalikuwa yameshuka hadi Sh 10,000 kwa saa.

Nikamwandikia kwamba chochote nje ya orodha ni Sh 25,000 kwa saa, na sitaanza kabla hajakubali gharama. Akajibu, "Sawa, hamna shida." Akakubali gharama ya menyu ya pili, nikaifanya, nikatuma ankara. Jibu lake likawa, "Hii nayo unanichaji? Si ulikuwa unatumia ileile ya kwanza?"

Kwangu jibu hilo lilimaliza kila kitu. Mteja anaweza kukubali bei mpya akiwa na haraka, lakini anapopokea ankara ya kwanza ya nyongeza ndipo unajua kama ameukubali mpaka. Asipoukubali, kupandisha malipo ya mwezi hakusaidii. Angelipa Sh 900,000, angejiona amenunua haki ya kukuagiza zaidi, na ndani ya miezi michache ungekuwa palepale kwa kiwango kilekile cha saa.

Notisi yangu niliituma tarehe 1, ili siku 30 za notisi zilizo kwenye mkataba ziishe pamoja na mwezi wa malipo: "Shikamoo dada. Nakujulisha kwamba mkataba wetu wa mwezi utaisha tarehe 30. Hadi siku hiyo nitakamilisha posti 12 na kazi mbili za kuprinti kama tulivyokubaliana. Naomba orodha yake ifike kabla ya tarehe 7." Sikutaja malalamiko hata moja. Ukiyataja unafungua mjadala wa kila bango, na mjadala huo huishia kwa "basi tuendelee tu mwezi mmoja."

Tarehe 7 ina kazi yake. Mwezi wa notisi ndio hatari zaidi, kwa sababu mteja anayejua unaondoka hukumbuka kila alichotaka mwaka mzima. Orodha ikishafungwa, ombi jipya linajibiwa kwa gharama yake, likilipiwa kabla ya kuanza. Yangu yalikuja matano. Alilipia moja.

Faili usizizuie ili kumkomoa. Kazi iliyolipiwa mkabidhi: PDF za kuprinti, nembo katika muundo wa vekta, na picha zake alizokupa. Faili za kazi zenye matabaka zinategemea mkataba unasemaje; wangu ulisema zinauzwa kando, nikampa bei. Fonti ulizonunua kwa leseni yako usimpe; mtajie majina yake anunue mwenyewe. Ukurasa wa Instagramu hakikisha unafunguka kwa barua pepe na simu yake, ndipo ujiondoe, maana nywila ikibaki kwako ataendelea kukupigia usiku.

Ankara ya mwisho nilituma wiki moja kabla ya makabidhiano. Akilipa, faili zinakwenda siku hiyohiyo. Baadaye alinitafuta kwa kalenda. Nikampa bei ya kalenda peke yake, nusu ikitangulia, na akalipa.