Ruhusa ya Kijitabu Si Ruhusa ya Kalenda

Picha yenyewe ni ya akina mama watatu wakichuma chai asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye vikapu, na nyuma yao mlima Rungwe unaonekana nusu. Aliipiga kaka mmoja wa hapa Mbeya mjini, nami nilikuwa nahariri kijitabu cha historia ya chama cha wakulima wa chai kule Tukuyu. Nikamtumia ujumbe wa simu: "Kaka, naomba tuitumie ile picha yako ya chai kwenye kijitabu chetu, jina lako tutaliweka." Akajibu, "Sawa kaka, hakuna shida."

Kijitabu kikatoka vizuri, jina likiwa chini ya picha. Miezi michache baadaye chama kikatoa kalenda ya kuuza. Picha ile ile iko juu, imekatwa, mlima haupo, jina halipo. Faili lilikuwa limebaki kwa mchapaji, naye aliambiwa ruhusa ipo. Kaka yule aliiona kalenda dukani Mwanjelwa, akanipigia akaniuliza, "Mimi niliruhusu nini?" Nikaufungua tena ule ujumbe wangu. Neno "kijitabu" lilikuwemo, lakini hapakuwa na idadi, wala kama kingeuzwa, wala kama picha ingeweza kukatwa.

Tangu hapo nashikilia jambo moja: kutaja jina si ruhusa, na ruhusa haivuki yale yaliyoombwa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inatenganisha mambo hayo mawili. Kuna haki ya kiuchumi, yaani kuamua nani anakili kazi na kwa masharti gani, na kuna haki ya kimaadili, yaani kutambuliwa kama mtunzi na kupinga kazi isiharibiwe. Kalenda ile ilikosea kote kuwili.

Toleo la pili lilipokuja, niliandika barua kamili:

"YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUCHAPA PICHA MOJA

Naomba ruhusa ya kuchapa picha yako ya wachumaji chai, ambayo nakala yake ndogo nimeiambatisha, katika toleo la pili la kijitabu cha chama. Itachapwa mara moja, kwa rangi, nusu ukurasa, ndani. Nakala ni 300, zitagawiwa bure kwa wanachama. Haitawekwa kwenye jalada, kalenda, bango wala mtandaoni. Hatutaikata. Chini yake tutaandika: 'Wachumaji wa chai, Rungwe. Picha na ...', nawe utujazie jina kama unavyotaka lisomeke. Matumizi mengine yoyote tutayaombea upya. Tunapeleka kazi kwa mchapaji tarehe 15; tusipopata jibu lako, hatutaichapa."

Nakala ndogo inaambatishwa kwa sababu mpiga picha ana picha nyingi za chai, na "ile ya akina mama" inaweza kuwa kumi. Idadi na bei zinamwezesha kupima kama atoe bure au adai malipo. Neno "mtandaoni" nalitaja kwa makusudi: siku hizi kijitabu kikigeuzwa PDF jioni, asubuhi kimezunguka makundi yote ya WhatsApp, na kukirudisha haiwezekani.

Mstari wa jina nao una lugha yake. "Picha na" humtaja aliyepiga. "Kwa hisani ya" humtaja aliyekupa nakala, na mara nyingi huyo siye mwenye haki. Mzee akikuazima picha iliyotundikwa sebuleni kwake, amekupa karatasi. Mpiga picha bado anatakiwa kutafutwa. Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani inaonyesha mfano mzuri kwa picha zake za enzi ya ukoloni wa Mjerumani alizopiga Walther Dobbertin, zilizowekwa wazi kwenye Wikimedia Commons. Mstari wake unaanza na Bundesarchiv, yaani jina la hifadhi hiyo kwa Kijerumani, kisha namba ya picha, kisha Walther Dobbertin, na mwisho leseni, CC-BY-SA 3.0. Hapo ruhusa imeshatolewa kwa kila mtu, ila ukiuacha mstari huo umevunja sharti lake.

Ripoti zinanasa watu zaidi. Tuliomba kurasa mbili za ripoti ya utafiti wa chai, taasisi ikakubali kwa maandishi. Bahati nzuri nilisoma maandishi madogo chini ya picha iliyokuwa ukurasa wa pili: ilikuwa ya mtu mwingine, naye aliiruhusu kwa ripoti ile tu. Taasisi haikuwa na uwezo wa kutupa isichokimiliki. Tukachapa maneno na jedwali, picha tukaiacha.

Kaka wa Mbeya alijibu barua yangu siku ya pili. Alibadilisha jina lake kuwa la studio, akakubali bila malipo, na akaongeza sharti moja: nakala tatu zitengwe, zipelekwe kwa wale akina mama.