Irabu huchopekwa wapi? Mvutano kati ya usikivu wa sauti na sikio la mkopaji

Kiajemi hakiruhusu konsonanti mbili zifuatane mwanzoni mwa neno, na kinapokopa neno lenye mfuatano huo hulitengeneza kwa kuchopeka irabu e. Neno lao la darasa, lililotoka Kifaransa, ni kelas, na irabu imeingia kati ya k na l. Neno lao la bilauri, lililotoka Kirusi, ni estakan, na irabu imesimama mbele ya s na t. Lugha ni moja, katazo ni moja na irabu ni ileile, lakini mahali pa kuiweka pametofautiana. Tofauti hiyo hujitokeza pia katika Kiarabu cha Misri, ambako plastiki ni bilastik, ilhali irabu ya neno lenye s na kipasuo kama t mwanzoni hutangulia mbele.

Maelezo ya kwanza hutegemea daraja la usikivu, yaani jinsi sauti zinavyozidiana kwa mlio. Vipasuo kama p, t na k viko chini kabisa. Juu yake hupanda vikwamizi kama s, kisha nazali kama m na n, halafu l na r, kisha viyeyusho kama w na y, na mwisho irabu. Silabi nzuri hupanda kuelekea irabu iliyo kiini chake, kisha hushuka, na wazo hili lilikwisha kuandikwa na wanaisimu Sievers mwaka 1881 na Jespersen mwaka 1904. Mfuatano kl hupanda, ila st hushuka kabla ya kufika kwenye kiini, hivyo ni mwanzo mbovu wa silabi. Watetezi wa maelezo haya huongeza kwamba silabi mbili zikikutana, inayotangulia hupendelea kuishia na sauti yenye usikivu mkubwa kuliko ile inayofungua silabi inayofuata. Es-ta-kan hutimiza sharti hilo, kwa kuwa s inaizidi t. Laiti kelas ingekuwa ek-las, k ingekutana na l iliyo juu yake, na sharti lingevunjika. Ni hoja yenye nguvu, kwa sababu kanuni moja imeeleza mahali pote pawili.

Kipimo chake kigumu ni s inapofuatwa na l. Hapa usikivu hupanda, kwa hiyo kanuni inatabiri irabu iingie katikati, na Kiarabu cha Misri hutii: slaidi ni silaid. Kiajemi, hata hivyo, husema eslaid, na Kihispania, kinachokubali pl na kl bila shida, husema eslogan. Mtetezi anaweza kujibu kwamba lugha hizo huvumilia makutano ya s na l, kama Kiajemi kinavyofanya katika neno eslam. Kwangu jibu hilo halitoshi, kwa kuwa kuvumilia makutano si sababu ya kuyachagua pale ambapo njia nyingine ipo.

Maelezo ya pili huanzia sikioni: mkopaji huweka irabu mahali ambapo itabadilisha kidogo zaidi sauti aliyoisikia. Kipasuo kinapoachiliwa kuingia l au r, huwapo mlio mfupi unaokaribia irabu, kwa hiyo kelas haiko mbali na neno la asili. Baada ya s, kinyume chake, t huleta ukimya, na irabu ikiingizwa hapo hujulikana mara moja. Mfuatano sl uko kati ya hali hizo mbili, na ndiyo maana lugha hutofautiana hasa hapo. Mwaka 1999 mtafiti Dupoux na wenzake walionyesha kwamba Wajapani waliosikizwa neno la kubuni ebzo waliripoti irabu u ambayo haikuwapo, huku Wafaransa wasiisikie.

Ila Kijapani chenyewe huonyesha mpaka wa sikio. Neno la msongo wa mawazo, lenye str mwanzoni, limekuwa sutoresu, na irabu imewekwa palepale baada ya s ambapo tungetarajia iepukwe. Sababu ni kwamba Kijapani hakikubali silabi inayoishia na s; irabu ya mbele ingeiacha s hiyo bila makao, na bado irabu nyingine ingehitajika. Nakubali, basi, kwamba sikio huchagua, lakini huchagua miongoni mwa silabi ambazo lugha imekwisha kuziruhusu.

Lugha za Kibantu huongeza jambo ambalo pande zote mbili huelekea kulisahau. Kizulu huita shule isikole, na irabu imeingia kati ya s na k, mahali ambapo sikio lingepakataa. Lakini isi- ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni izikole. Kiswahili nacho kina klabu na kilabu, na aliyesema kilabu amepata wingi tayari: vilabu. Hapo mkopaji hakurekebisha silabi tu. Alilipatia neno geni ngeli, na irabu iliyochopekwa ikageuka sehemu ya sarufi.