Karatasi ya vipimo vya macho ni yako, ichukue kabla hujaanza kujaribu fremu

Ndugu zangu mlioko Marekani, hili la miwani linaniuma kwa kweli, maana watu wetu wanaliwa hela kimyakimya. Unapimwa macho, ukishuka tu kwenye kiti unapelekwa moja kwa moja kwenye shelfu la fremu na ile karatasi ya vipimo huioni. Wifi yangu alipoiomba akajibiwa "utapewa siku ukija kuchukua miwani". Hapana jamani! Kanuni ya FTC, ile taasisi ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, ipo tangu 1978 na inasema daktari akimaliza kukupima akupe kopi hapohapo, kabla hajaanza kukuuzia miwani, hata kama hujaomba, bila kukutoza hela ya kopi wala kukulazimisha ununue kwake. Hela ya kupimwa yenyewe utalipa, hiyo ni haki yake. Siku hizi kwenye sehemu zinazopima na kuuza miwani utaombwa usaini kwamba umepokea, sasa usisaini kabla karatasi haijafika mkononi.

Wifi akakomaa pale mapokezi kwa heshima tu, akapewa. Jicho la kulia -2.25, la kushoto -2.00 na silinda -0.75 aksisi 170, yaani nguvu ya kurekebisha mviringo wa jicho usio sawa na pembe inapowekwa, na tarehe ya mwisho imeandikwa. Angalia sana hizo alama za kutoa na kujumlisha, ukiijaza oda mtandaoni ukaweka + badala ya - miwani inakuja huoni kitu. Kilichokosekana ni PD, ile nafasi kati ya mboni na mboni kwa milimita, na bila hiyo duka lingine haliwezi kuweka katikati ya lenzi mbele ya jicho lako. Kanuni ya FTC haimlazimishi daktari kuiandika na mi naona hapo ndo pameachwa pengo baya, maana unapewa uhuru wa kununua kwingine alafu kipimo kimoja kinabaki dukani kwao. Omba wakupime hukohuko, wakigoma duka utakalonunua litapima.

Muda wa karatasi ya miwani unategemea jimbo, nyingi utakuta mwaka mmoja au miwili, ikipita duka linaweza kukukatalia. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho ni kitu kingine kabisa na usitumie karatasi ya miwani kuzinunua, karatasi yake ina jina la lenzi, mkunjo na upana wake. Muda wake kwa kanuni haupungui mwaka mmoja isipokuwa kuna sababu ya kiafya, kwahiyo ukiandikiwa miezi sita uliza jicho lako lina tatizo gani. Ukinunua kwingine muuzaji atamuuliza daktari wako kuhakikisha, daktari akikaa kimya masaa nane ya kazi inahesabika amekubali na muuzaji anaruhusiwa kukuuzia.

Wakikunyima kabisa, peleka malalamiko ReportFraud.ftc.gov, andika tarehe uliyopimwa na walichokujibu nenokwaneno.