Umeme Haujakatika, Bosi: Kwa Jirani Redio Inaimba

Saa sita na nusu mchana. Foleni ya wateja imefika mlangoni, oveni inachoma kuku, jiko la chipsi linachemsha mafuta, kijana wa juisi kabonyeza blenda. Paa! Kiza. Bosi anakimbilia LUKU: uniti zipo 90. Anatoka nje kulaumu waliokata umeme. Kwa kinyozi wa jirani taa zinawaka na redio inaimba. Bosi haamini, anamwangalia kinyozi kama vile kamwibia umeme.

Hakuna aliyekata umeme. Umejikatia mwenyewe, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kila chombo kina kibandiko mgongoni kinachosema kinakula wati ngapi. Gawanya kwa volti 230 upate ampea. Lakini nani aangalie mgongoni? Huko kuna mafuta ya tangu ufunguzi, na kibandiko chenyewe kimefunikwa na stika ya bei.

Haya, tukwangue mafuta. Chukua mgahawa wa kawaida wenye laini moja ya umeme na breka kuu ya ampea 40. Oveni ya wati 4,400 inakula ampea 19.1. Jiko la chipsi la wati 2,500, ampea 10.9. Birika kubwa la maji ya chai la wati 2,000, ampea 8.7. Blenda ya wati 1,200, ampea 5.2. Friza mbili, ambazo vibandiko vyake vimeshaandika ampea zenyewe, 1.4 kila moja, zinaleta 2.8. Taa, feni na friji ya soda tuzipe 2.3. Jumla ampea 49. Mlango wa watu 40, wameingia 49, halafu unashangaa bawaba kung'oka.

Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: "Mbona asubuhi vyote viliwaka na hakikujikata kitu?" Kwa sababu breka ina uvumilivu kuliko wewe. Ndani yake kuna kibati kinachopinda kikipata joto, na kibati hakipashwi kwa dakika moja. Breka hizi ndogo zimetengenezwa zivumilie mzigo wa mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kukata. Kwa mara 1.45 lazima zikate ndani ya saa. Kwa breka ya 40, hiyo ni kati ya ampea 45 na 58. Mzigo wako wa 49 umekaa humo katikati, ambamo breka inaweza kukata, inaweza isikate, kutegemea imeamkaje. Na kama boksi la breka mmelifunga ukutani juu ya oveni, joto la oveni linakisaidia kibati kupinda. Ndiyo maana ajali hutokea wateja wakijaa: vyombo vyote vimewaka muda mrefu na jiko lenyewe ni jehanamu.

Sasa anaitwa fundi. Siyo fundi yule aliyesomea, yule wa bei nafuu. Anatazama, anacheka kidogo, anang'oa breka ya 20 ya soketi anaweka ya 32. "Haitakata tena, bosi." Kweli haitakata. Nyuma yake waya ni ule ule wa milimita 2.5, uliochomekwa ekstensheni yenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Breka ipo pale kulinda waya. Ukimwongezea mlinzi usingizi, mwizi hajapungua. Dalili utaziona: plagi inakuwa ya moto mkononi, pini zinageuka kahawia, soketi inanuka samaki ilhali samaki wako kwenye friza. Ukifika hapo chomoa, usisubiri moshi uje kutoa maelezo.

Dawa ni kuzuia vyombo vikubwa visiwake pamoja, na usimwachie mpishi akumbuke. Mpishi ana oda kumi na mbili kichwani. Fundi afunge swichi ya kuchagua, ya kuzungusha, yenye 1, 0 na 2, inayokata nyaya zote mbili, ya ampea 32 au zaidi. Iingizwe umeme kwa breka ya 25 na waya wa milimita 4. Upande wa 1 uende kwenye oveni moja kwa moja, siyo kwa plagi, maana plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Upande wa 2 uende kwenye jiko la chipsi, nalo lipewe breka yake ya 16. Kuku wanaokwa alfajiri hadi saa nne, kisha unazungusha, chipsi zinaanza. Anayetaka vyote kwa pamoja atabishana na chuma. Jumla imeshuka hadi 38.1. Bado inabana, kwa hiyo birika lihamie kwenye gesi. Maji ya chai hayajui yamechemshwa na nini. Sasa umebaki na 29.4, na hata blenda ikikwama na barafu bado una nafasi ya kupumua.

Friza ndizo zinanikera zaidi, kwa jinsi zinavyoonewa. Zenyewe hazili sana, ila kompresa ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya ampea zake kwa kufumba na kufumbua. Angalia herufi kabla ya namba kwenye breka. Breka ya B hukata papo hapo mzigo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, ya C mara 5 hadi 10. Ukizifunga friza mbili kwenye B6, siku zikianza pamoja inaruka bila sababu ya kueleweka. Zipe C16, waya wa milimita 2.5, njia yao peke yao, na kila moja kiboksi cha kuchelewesha umeme ukirudi: moja dakika tatu, nyingine tano.

Peke yao namaanisha hata kwenye ile swichi yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja. Mgahawa mwingi una moja tu kwa jengo zima. Usiku maji ya kuosha yanaingia kwenye kitako cha blenda, au koili ya oveni iliyokaa wiki mbili za masika imenyonya unyevu, swichi inaruka, na asubuhi kilo 30 za samaki zinaelea. Tofauti ni rahisi kuisoma: ikiruka yenye T, ni mvujo, chomoa kimoja kimoja hadi umpate mhalifu, ikikata breka ya kawaida baada ya muda na ni ya moto, ni mzigo, ikikata hapo hapo unapowasha, kuna nyaya zimegusana. Friza zikiwa na swichi yao ya mvujo, blenda ifanye vituko vyake huko.

Yote haya yakishafungwa, anakuja mtu wa kaunta saa nne usiku, anafunga hesabu, na kwa kubana matumizi anashusha breka kuu. Friza zote kimya. Kwa hiyo breka kuu ibandikwe maandishi ISIZIMWE, na zile za jikoni ziandikwe majina yake moja moja. Kwa kalamu isiyofutika. Ya chaki mpishi ataifuta na kitambaa cha meza.